Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kamati ya kitaaluma ya mkutano wa kisayansi unaoandaliwa na taasisi moja hapa Juba. Ukiondoa barua na vikao, kazi ya katibu ni moja: kila makala inayoingia ipate watu watatu wa kuihakiki, watu wanaoijua mada yake, na asiwepo kati yao aliyetwishwa zaidi ya anachoweza kusoma. Masharti hayo mawili, utaalamu na mzigo, huvutana. Anayeijua mada kuliko wote ndiye anayetafutwa na makala zote za mada hiyo, na siku ya mtu huyo ina saa zilezile alizo nazo kila mtu.

Kabla yetu makala ziligawiwa kwa kumbukumbu na kwa simu. Katibu alisoma kichwa cha habari, akajiuliza nani anajua mambo hayo, akampigia mwenye jina la kwanza lililomjia. Majina yanayokuja kwanza ni yaleyale kila mwaka. Katika fani ya afya palikuwa na daktari mmoja, bingwa wa milipuko ya magonjwa, ambaye kila makala iliyotaja mgonjwa, zahanati au maji machafu iliishia mezani kwake. Wakati huohuo kwenye mitaa ya Gudele na Munuki walikaa watu waliorudi na shahada zao kutoka Khartoum, Kampala na Nairobi ambao hawakuletewa hata makala moja, kwa sababu tu namba zao hazikuwa kwenye simu ya katibu. Matokeo yalionekana kwenye ripoti zenyewe. Bingwa alichelewa, na aliporudisha kazi aliandika mistari miwili: utafiti ni mzuri, rekebisheni sarufi. Mwandishi kijana aliyekusanya takwimu zake kwa mtumbwi kwenye vijiji vya mabwawa ya Nile hakufundishwa chochote na mistari hiyo.

Tulipochukua kamati tuliamua kuigawa kazi hii kwa hesabu. Nimejifunza mengi humo, lakini nina moja la kusema: kikomo cha kila mhakiki kiwekwe kwanza na kiheshimiwe, halafu mgawo wote upimwe kwa makala iliyopata wasomaji dhaifu kuliko zote. Jumla nzuri inaweza kuficha makala moja iliyotupwa, na aliyetupwa haoni jumla.

Hatua ya kwanza haina utaalamu wowote ndani yake. Ni kuhesabu. Mwaka mmoja tulipokea makala 48. Kila moja ilihitaji wahakiki watatu, kwa hiyo tulihitaji nafasi 144 za kusoma. Hatukujipangia wenyewe kwamba kila mhakiki achukue makala nne. Tulimwuliza kila mmoja: katika wiki hizi tatu, pamoja na masomo unayofundisha, zamu za hospitali, na kazi ya pili unayoifanya kwa sababu mshahara haujaingia, unaweza kusoma makala ngapi na kuziandikia ripoti ya ukurasa mzima? Wapo waliosema mbili, wapo waliosema sita, na wapo waliosema mwaka huu hapana. Kutoka kwa wahakiki 40 waliokubali tulipata nafasi 160. Tulihitaji 144, tuna 160. Wajumbe wakafurahi na wengine wakataka tuanze kugawa palepale.

Mwenyekiti wetu, profesa mama aliyefundisha miaka mingi uhamishoni kabla ya kurejea Juba, aliomba kwanza tuzipange nafasi hizo kwa fani. Hapo ndipo shida ilipojitokeza. Makala za afya zilikuwa 18, maana yake nafasi 54. Wahakiki wa afya, ukijumlisha vikomo vyao vyote, walikuwa na nafasi 44. Pengo lilikuwa nafasi 10. Ziada yote ilikuwa upande wa kilimo, mazingira na elimu: makala 30 zilizohitaji nafasi 90, na wahakiki wenye nafasi 116. Jumla ilikuwa ya kweli na bado ilitudanganya, kwa kuwa nafasi ya mtaalamu wa udongo haiwezi kumsaidia mwandishi wa makala ya kifua kikuu.

Kanuni yake inasemeka kwa urahisi. Chukua kundi lolote la makala, hesabu nafasi zinazohitajika, kisha hesabu nafasi za watu wote wanaoweza kuzisoma makala hizo. Kundi lolote ambalo mahitaji yake yanazidi nafasi zake halitagawika, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani. Ukipuuza hesabu hii na kuanza kugawa, utazigundua makala yatima mwishoni, muda umekwisha, na utazisukuma kwa yeyote aliye mtandaoni. Sisi tulikuwa bado na muda. Tuliwaandikia wahakiki wanane wa afya walio Kampala, Nairobi na ughaibuni, kila mmoja kwa makala mbili tu. Tukapata nafasi 16 zaidi, na fani ya afya ikafika 60 kwa mahitaji ya 54. Sita zilizobaki hatukuzigusa. Tulijua kwamba watu huugua, husafiri, na mtandao hukatika.

Hatua ya pili ni kupima utaalamu, yaani kumpa kila mhakiki alama kwa kila makala. Mikutano mikubwa ya sayansi ya kompyuta imeliachia jambo hili mashine kwa muda mrefu. Laurent Charlin na Richard Zemel wa Chuo Kikuu cha Toronto walitengeneza mfumo ulioanza kutumiwa na mkutano wa NIPS mwaka 2010. Mhakiki anawasilisha makala alizowahi kuchapisha, mfumo unalinganisha maneno yake na maneno ya makala mpya, kisha unatoa alama ya ukaribu. Pale ambapo kila mhakiki ana makala nyingi zilizochapishwa kwa lugha moja na zinapatikana mtandaoni, njia hiyo inaokoa kazi kubwa sana.

Hapa Juba ingewaadhibu watu tunaowahitaji. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa 1975, kikahamishiwa Khartoum wakati wa vita, na wasomi wa kizazi hicho walifundisha na kuandika humo, wengi wao kwa Kiarabu. Wengine ujuzi wao umo katika ripoti za wizara na za mashirika ya misaada ambazo hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Daktari aliyetibu kala-azar miaka ishirini katika jimbo la Jonglei anaweza asiwe na makala hata mbili zenye jina lake. Mashine ingempa sifuri, na kijana aliyemaliza shahada ya uzamili juzi ingempa alama ya juu kwa kuwa tasnifu yake inasomeka kwenye mtandao.

Kwa hiyo tulitumia vitu vitatu. Kwanza, kila mhakiki alijaza orodha ya mada, na mbele ya kila mada akaandika ama ameifanyia kazi mwenyewe, ama ameifundisha, ama anaifuata kwa kusoma tu. Pili, aliletewa ikisiri za fani yake bila majina ya waandishi, akaonyesha zile anazojiona anaziweza. Tatu, wajumbe wawili wa kamati walizipitia alama hizo, wakishusha pale mtu alipojikweza na kupandisha pale alipojipunja. Alama zilikwenda kutoka 0 hadi 10. Kumi ni mtu ambaye angeweza kuuandika utafiti ule yeye mwenyewe. Tano ni mtu anayeweza kupima mbinu zake lakini hajui mada kwa undani. Moja ni mtu atakayeelewa Kiingereza chake na kuishia hapo.

Uchaguzi wa ikisiri una hatari yake, na ni vizuri mwenye kuandaa mkutano aijue. Mtu anaweza kuichagua makala ya rafiki ili aisaidie, au ya mpinzani ili aiangushe. Kuficha majina hakutoshi katika mji ambao kila mtu anajua nani alikwenda Malakal kukusanya damu ya ng'ombe. Ndiyo maana kwetu uchaguzi ulikuwa kidokezo tu, na haukumpa mtu haki ya kupata makala aliyoichagua.

Hapo linaingia suala la mgongano wa maslahi. Tulikataza mtu kuhakiki makala ya mwenzake wa idara moja, ya mwanafunzi aliyemsimamia, ya mtu aliyeandika naye, na ya ndugu yake. Katika nchi yenye wasomi wachache sheria hizo hupunguza watu haraka. Madaktari wa mifugo waliokuwa tayari kuhakiki mwaka ule walikuwa wachache, na mwandishi mmoja wa makala ya mifugo alikuwa amefundishwa na karibu wote. Sheria hatukuilegeza. Tulichofanya ni kuhakikisha kwamba kwenye jedwali mgongano hauandikwi kama 0. Sifuri maana yake hajui. Mgongano maana yake haruhusiwi. Kompyuta ikiona sifuri inaweza kumpa mtu makala hiyo endapo jumla inapanda kwingineko. Sisi tuliandika -100, kisha mwishoni tukakagua kwamba hakuna nafasi hata moja iliyogawiwa yenye alama hasi.

Sasa nije kwenye kugawa kwenyewe. Nitachukua kona moja ya jedwali letu na kuirahisisha: makala tatu, wahakiki watatu, kila makala msomaji mmoja na kila mhakiki kikomo cha makala moja. Makala ya kwanza ilihusu tiba ya kala-azar, ugonjwa unaoambukizwa kwa kuumwa na usubi. Ya pili ilihusu kipindupindu na maji ya visima. Ya tatu ndiyo ile ya mifugo: jinsi ng'ombe wanavyohamishwa wakati wa mafuriko, na magonjwa ambayo watu na ng'ombe huambukizana wanapobanana kwenye vilima vichache vilivyobaki vikavu. Mhakiki A ni yule bingwa wa milipuko. B ni daktari wa kala-azar. C ni afisa wa afya ya jamii.

| | Kala-azar | Kipindupindu | Ng'ombe na mafuriko |
|---|---|---|---|
| A | 10 | 9 | 4 |
| B | 9 | 4 | 1 |
| C | 6 | 5 | 1 |

Njia ya kwanza ndiyo anayoitumia kila katibu mwenye haraka: tafuta alama kubwa kuliko zote, igawe, kisha tafuta inayofuata. A anachukua kala-azar kwa 10. Kati ya waliobaki, C anachukua kipindupindu kwa 5. B, daktari wa kala-azar, anabaki na makala ya ng'ombe kwa alama 1. Jumla ni 16. Tazama kilichotokea: tumempa A makala ambayo B angeisoma karibu sawasawa na yeye, na B tumempeleka mahali asipojua kitu. Kosa la njia hii ni kwamba kila uamuzi unaonekana sahihi unapofanywa, na hasara yake inaonekana tu kwa yule wa mwisho.

Njia ya pili inatazama migawo yote kwa pamoja na kuchagua yenye jumla kubwa. Hesabu yake ni ya zamani. Harold Kuhn, mwanahisabati wa Marekani, aliichapisha mwaka 1955 na kuiita njia ya Kihangari, kwa heshima ya Wahangari wawili, Kőnig na Egerváry, ambao kazi zao ndizo zilizomfikisha hapo. Kwenye jedwali letu njia hiyo inampa B kala-azar kwa 9, A kipindupindu kwa 9, na C anabaki na ng'ombe kwa 1. Jumla inapanda kutoka 16 hadi 19. Ukitazama namba hiyo peke yake utasema tumemaliza.

Nilipoiweka karatasi hii mbele ya kamati, mwenyekiti hakuitazama 19. Aliweka kidole kwenye ile 1 na kuniuliza, "Mwanangu, huyu mwandishi wa ng'ombe ametukosea nini?"

Nilimjibu kwamba hakuna jumla iliyo kubwa kuliko hiyo.

"Sijakuuliza jumla," akasema. "Nimekuuliza huyu."

Alikuwa na haki, na jambo lake lina uzito zaidi ya huruma. Makala zinazopata alama ndogo kwa kila mhakiki si lazima ziwe mbaya. Mara nyingi ni zile zinazosimama kati ya fani mbili, au zinazoanza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya hapa. Ukitafuta jumla kubwa pekee, kompyuta inajifunza upesi kwamba makala kama hizo hazina faida: kumpa A makala ya ng'ombe kunaleta 4 tu, wakati kumpa kipindupindu kunaleta 9. Itazitoa kafara kila mwaka, bila chuki na bila kuchoka. Na sisi tulihitaji makala zilezile kuliko zote, kwa sababu mafuriko ya Jonglei hayatenganishi daktari wa watu na daktari wa mifugo.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoikubali. Kwanza unauliza: alama ndogo kuliko zote katika mgawo inaweza kupandishwa hadi wapi? Ukishaijua unaifanya sharti, na ndani ya sharti hilo unatafuta jumla kubwa. Kwenye jedwali letu alama ya chini kabisa inaweza kufika 4, haizidi hapo. Mgawo wenye sharti hilo na jumla kubwa ni huu: B kala-azar kwa 9, C kipindupindu kwa 5, A ng'ombe kwa 4. Jumla ni 18. Tumepoteza alama moja kutoka 19, na makala dhaifu imepanda kutoka 1 hadi 4. Sikuwahi kuona biashara nyingine ya kitaaluma yenye bei nafuu hivyo. Baadaye niligundua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Ivan Stelmakh, Nihar Shah na Aarti Singh, walijenga njia nzima juu ya wazo hilo na kuiita PeerReview4All. Lengo lake ni kuboresha hali ya makala iliyo na bahati mbaya kuliko zote.

Kazi hii tuliifanya kwa LibreOffice Calc, isiyohitaji mtandao wala leseni ya kulipia. Alama ziko juu, na chini yake jedwali la mgawo lenye 1 pale mhakiki anapopewa makala na 0 pale asipopewa. Alama ambayo makala ya kwanza imeipata hupatikana hivi:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,B8:B10)
```

Kisha unafungua `Solver` na kuipa masharti. Seli za mgawo ziwe `Binary`. Jumla ya kila mstari wa mhakiki isizidi kikomo chake. Jumla ya kila safu ya makala ilingane na idadi ya wahakiki inaowahitaji. Lengo ni jumla ya alama. Baada ya hapo unaongeza sharti moja: alama ya kila makala isipungue 2. Ikikubali, weka 3, kisha 4. Siku ile 5 ilipokataliwa, tulijua kwamba 4 ndio mpaka. Makala inapokuwa na wahakiki watatu, sharti huwekwa juu ya jumla ya alama zao tatu. Tuligawa fani moja baada ya nyingine ili kompyuta isielemewe.

Kuna mtego mmoja unaowakamata wanaotumia programu za kugawa mmoja kwa mmoja. Ili mhakiki apate makala nne wanaurudia mstari wake mara nne, na ili makala ipate wahakiki watatu wanairudia safu yake mara tatu. Kompyuta basi inaweza kumpa mtu yuleyule makala ileile mara mbili, na jumla inapendeza. Utagundua kosa hilo tu ukikagua majina matatu ya kila makala. Sharti la `Binary` kwenye seli moja ya mhakiki na makala linazuia hilo.

Mgawo ulipokuwa tayari, lilikuja shauri ambalo hutolewa katika kila kamati niliyowahi kukaa. Mjumbe mmoja alisema: mwongezeeni A makala moja tu. Na kwa hesabu alikuwa sahihi. A akiruhusiwa makala mbili, anachukua kipindupindu kwa 9 na ng'ombe kwa 4, B anabaki na kala-azar kwa 9, na jumla inaruka kutoka 18 hadi 22. C hapati kitu. Kuongeza kikomo cha mtu mmoja bora karibu kila mara hupandisha jumla, na ndiyo sababu vikomo huvunjwa. Lakini alama ile ya 9 inapima anachokijua A. Haipimi anachobakiwa nacho saa nne usiku akifungua makala ya tano. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hesabu ya alama haina mizani ya kuonyesha kwamba usufi umelowa.

Nilimwendea A mwenyewe hospitalini, akiwa amemaliza zamu, nikamweleza shauri lilivyo. Alisikiliza hadi mwisho. "Ustaz," akasema, "ukinipa nilizokubali nitazisoma. Ukinipa tano nitazijibu." Tulikibakiza kikomo chake. Na kuna faida ya pili ambayo hatukuitarajia: C, ambaye kwa njia ya jumla asingepewa kipindupindu, aliandika ripoti ndefu kuhusu namna sampuli za visima zilivyochukuliwa, jambo alilolijua kwa kazi ya mikono yake. Alama yake ya 5 ilikuwa ya chini kuliko uwezo wake, na mwaka uliofuata tuliipandisha. Usipompa mtu makala hutajua kamwe kama alama yake ilikuwa sahihi.

Ile 4 ya makala ya ng'ombe hata hivyo haikututosheleza. Mpaka uliopatikana kwa hesabu unakuambia pia nani unayemkosa. Tulipoona kwamba hakuna mgawo wowote unaoweza kuipandisha, tulijua tatizo haliko kwenye kugawa tena, liko kwenye orodha ya watu. Tukamwandikia daktari wa mifugo wa Uganda, asiye na uhusiano na mwandishi, naye akakubali makala hiyo moja. Hayo ndiyo matumizi bora ya hesabu hizi: zinatenganisha pale unapopanga vibaya na pale unapokosa mtu.

Kabla ya kutuma barua kwa wahakiki tulikagua mambo matatu kwa macho. Tulitazama alama ya juu ya kila makala, na iliyokosa hata msomaji mmoja wa 7 au zaidi tuliitafutia mtu. Tulitazama wahakiki waliojaa hadi kikomo. Wanapojaa wote wa mada moja, hiyo ni dalili kwamba mada hiyo inahitaji watu wapya mwakani, hata kama mwaka huu imepita. Tukahakikisha pia kwamba hakuna makala ambayo wahakiki wake wote watatu wanatoka chumba kimoja cha ofisi, kwa kuwa watu watatu wanaokunywa chai pamoja huweza kuandika ripoti moja.

Ripoti ziliporudi, tulikuwa tumemwomba kila mhakiki aandike juu yake amejiamini kiasi gani, kutoka 1 hadi 5. Hapo mgawo wenyewe unahakikiwa. Mhakiki tuliyempa alama 9 akiandika kwamba kujiamini kwake ni 2, alama yetu ilikuwa na kasoro na inarekebishwa kwa jina na kwa mada. Wahakiki wa makala moja wakipishana sana, na mmoja wao hajiamini, tulitumia mojawapo ya zile nafasi sita tulizoziacha na kumtafuta msomaji wa nne. Hazikukaa bure. Wahakiki wawili walijitoa kwa ugonjwa na safari, na makala zao zilihamishwa bila kumwongezea mtu mwingine juu ya kikomo chake.

Hesabu hizi hazikufanya kila ripoti kuwa nzuri. Mtu anaweza kuijua mada kwa 10 na bado akaandika ovyo, na alama ya utaalamu haimpimi moyo wake. Lakini mistari miwili ya "utafiti ni mzuri" ilipungua sana, na waandishi walianza kutuletea makala zilizosahihishwa kutokana na maoni waliyopewa.

Wewe unayepewa kuandaa mkutano au jarida, iwe Juba, Mbeya au Bukavu, anza kwa kuwauliza watu wako wanaweza kusoma ngapi, na ukishaambiwa usiwaombe waongeze. Hesabu nafasi za kila fani kabla ya kugawa hata makala moja. Na karatasi ya mgawo ikifika mezani, usianze na jumla iliyo chini. Itafute alama ndogo kuliko zote, mfikirie mwandishi wake, na usiweke saini mpaka uwe na jibu la kumpa.